Gauni la Kugusa Sakafu

Miaka ile ya foleni, sukari foleni, sabuni foleni, hata kiberiti unapanga foleni, ukitaka suti ya maana Kariakoo ulikuwa unaelekezwa kwa mtu mmoja tu. Fundi Tarsis, barazani, Mtaa wa Sikukuu. Wengine walikuwepo, tena wengi, lakini wale walikuwa wa kaptura za shule na suti za Kaunda. Fundi Tarsis alitoka Mahenge kijana mdogo, akapata kazi kwa Mgoa mmoja mjini, fundi wa Wazungu wa serikali ya zamani, akakaa pale akishika pasi ya mkaa mpaka akashika mkasi. Mgoa alipofunga duka akaenda zake, Tarsis akabaki na vitu viwili: cherehani ya miguu, na kujua nguo gani inaenda wapi.

Hilo la pili halikuwa na soko sana. Zama zile nani angevaa tai? Ukivaa tai unaambiwa una kasumba. Mabwana wakubwa wote suti za Kaunda, mikono mifupi, kalamu mfukoni. Lakini mgeni akitoka nje, bwana, akiandaa karamu, kadi inakuja na maneno yake ya Kizungu pale chini pembeni, madogo kama mchwa. Hapo ndo utawaona mabwana wakubwa wanakuja Sikukuu kwa mlango wa nyuma.

Na mmoja wao alikuwa mkwewe mwenyewe.

Elisaria alikuwa kijana wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye maneno mazuri. Alimwoa Josepha, mtoto wa pekee wa Fundi Tarsis. Mama yake Josepha, marehemu Severa, alimfia mzee mtoto akiwa bado ananyonya, kwa hiyo huyu Josepha alilelewa hapohapo barazani, chini ya meza ya kukatia, akichezea vigae vya chaki. Elisaria alipopanda cheo kwenye shirika lile la mambo ya meli, akawa mtu wa kukaa na wageni, mzee alifurahi kuliko hata yeye. Alimwambia jirani yake Bakili, fundi viatu, Mmakonde mwenye mdomo: "Mwanangu sasa atakula meza moja na mabalozi."

"Atakula nini?" Bakili akamjibu. "Wale wanakula majani mabichi kama sungura."

Karamu ya kwanza ilikuwa chakula cha mchana, Jumapili, nyumbani kwa Mzungu mmoja. Kadi imeandikwa smart casual. Elisaria hakumuuliza mtu. Alisema, smart si nadhifu? Basi akatinga suti ya vipande vitatu, tai mpaka kooni, na jua lile la Februari. Akamwambia Josepha naye apendeze. Josepha akavaa gauni lake la send-ofu, kilemba cha kitenge juu kama mnara, dhahabu za kuazima. Kufika pale, Wazungu wamevaa mashati ya kola bila tai, wake zao sketi na blauzi, wanacheka kwenye majani. Hakuna aliyewatukana. Waliwakaribisha vizuri, na ile ndo ikauma zaidi. Mama mwenye nyumba alimuuliza Josepha kama wametoka kwenye harusi.

Njiani kurudi Elisaria alisema neno moja tu: "Umenitia aibu."

Alimwambia Josepha. Suti ya vipande vitatu hakuitaja.

Josepha alikuja kulia barazani. Fundi Tarsis akamkalisha, akamfundisha kama alivyomfundisha kupiga pindo zamani. "Sikiliza, mama. Smart casual ni hivi. Mwanamume anavaa shati la kola, suruali imenyooshwa, viatu vya ngozi vya kufunika, akitaka anatupia koti juu, tai anaacha nyumbani. Mwanamke gauni jepesi la mchana au sketi na blauzi safi. Si ya shambani, si ya harusi. Katikati hapo."

"Na wakiandika kokteli?"

"Kokteli ni jioni mapema, watu wamesimama na glasi. Mwanamume suti nyeusinyeusi na tai. Mwanamke gauni fupi la heshima, linaishia gotini, kitambaa kizuri, kiatu cha kisigino, mkoba mdogo kama wa kuwekea rozari."

"Fupi, baba? Si watanifukuza hapa mtaani?"

"Gotini si fupi. Fupi ni pale juu walikokuwa wanakatazwa wasichana. Mimi nitakushonea, utatembea na khanga mpaka kwenye gari."

Akamshonea. Rangi ya zambarau, likamkaa vizuri. Lakini kadi ya kokteli ilipokuja, Elisaria alisema wake hawakualikwa. Gauni likakaa kabatini, na Josepha akakaa nyumbani Magomeni akiangalia nondo wasilile.

Basi. Miezi ikapita, Elisaria akaja barazani na bahasha nyeupe ngumu. Mchana alikuwa na suti yake ya Kaunda, ndugu mtupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Baba, hii sasa imeniweza." Akatoa kadi. "Wameandika black tie. Chakula cha usiku, hotelini. Nimeona nisikosee tena."

Fundi Tarsis alipoiona kadi ile alitabasamu mpaka jino la pembeni likaonekana. Toka Mgoa aondoke hakuwahi kushona dina jaketi, lile koti la karamu za usiku, hata moja.

"Hii si ya kuvaa suti ukaweka tai nyeusi, mkwe, utaonekana umetoka mazishini. Hii ina sare yake. Koti jeusi, kola yake imefunikwa hariri, inang'aa. Suruali nyeusi, ubavuni inapita utepe wa hariri ileile, mkanda wa ngozi huvai, unavaa ukanda wa mabegani. Shati jeupe lina mikunjo kifuani. Shingoni tai ya kipepeo, nyeusi, ya kufunga kwa mkono. Kiunoni mshipi mpana wa hariri nyeusi, mikunjo yake inatazama juu. Viatu vyeusi, ujione uso."

"Vyote hivyo? Watu wa chama wakiniona?"

"Unakuja kuvalia hapa, unatoka na gari. Na hiyo tai hutaweza kufunga, nitakufunga mimi."

Elisaria akacheka. Mzee akaigeuza kadi, akaipeleka kwenye mwanga. Kizungu chake kilikuwa cha nguo tu, lakini aliona pale juu majina yameandikwa mawili, bwana na bibi.

"Na mwenzio nimshonee? Mwanamke kwenye black tie ni gauni refu, la kugusa sakafu."

"Safari hii wanaume tu, baba," akasema Elisaria, akairudisha kadi mfukoni haraka. "Mambo ya biashara."

Mzee akachukua futi akaanza kumpima. Si kwamba hakuona. Lakini mkwe ni mkwe, humshiki shati.

Haikupita wiki, Josepha huyo, amekuja mbio na kikapu cha sokoni, uso unawaka. Chini ya mchicha alitoa kitambaa. Bwana wee! Satini ya bluu, bluu ya bahari ya mbali, nzito, inamwagika mkononi kama mafuta. Kitambaa kama kile madukani kilikuwa hakipo miaka na miaka. Hicho kilishuka na baharia.

"Nimekikuta kabatini, baba, amekificha chini ya masanduku! Ananidanganya wanaume tu, kumbe anataka kunishtukiza. Nimekileta ukione tu, nakirudisha kabla hajatoka kazini."

Fundi Tarsis alikishika, akakipitisha kati ya vidole, akakinusa. Pembeni kulikuwa na doa dogo la grisi, kama punje ya kunde.

"Hilo nitalikwepa wakati wa kukata," akasema. Moyo wake ukatulia. Akajilaumu kwa kumfikiria mkwe vibaya. Siku ile alimnunulia Bakili kahawa, na Bakili akauliza nani amekufa.

Kisha akaja Candida.

Msichana mzuri, si mapambo, mzuri wa kuzaliwa. Mrefu, mabega mapana, kiatu cha kisigino kwenye vumbi la Sikukuu. Alikuwa karani wa mapokezi mahali fulani mjini, mchangamfu, anaongea hajapumua.

"Shikamoo mzee. Ndo wewe fundi wa nguo za Kizungu? Nilielekezwa kwa Mhindi mmoja Upanga, nimefika nakuta amehamia Kanada, duka limefungwa. Jirani yake akanambia kama ni black tie basi hakuna mwingine, ni mzee wa Sikukuu. Mwenyewe anayenipeleka aliniambia nisije Kariakoo, eti mafundi wa huku wanajua magunia tu." Akacheka. "Samahani mzee, si maneno yangu."

"Marahaba. Hayana neno," akasema Fundi Tarsis. Akamsimamisha, akatia pini mdomoni kama desturi yake, akaanza kumpima kwa futi. Bega. Kifua. Kiuno. Kutoka begani mpaka sakafuni.

"Liguse sakafu, eh? Kokteli nilivaa la gotini, nikapendeza sana, wale wake za Wazungu wote walinisalimia, Bibi Elisaria huku, Bibi Elisaria kule. Nikaona aibu kuwakatalia." Akafungua mfuko wake. "Kitambaa ninacho."

Akakitandaza mezani. Bluu. Pembeni, punje ya kunde.

Mzee alikuwa amepiga magoti, futi mkononi, pini nne mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hasemi, jamani. Akizungumza anazimeza.

"Mke wake walishaachana," Candida akaendelea, anajitazama kwenye kioo kilichopasuka. "Karudi kwao huko Mahenge sijui wapi. Namwonea huruma bwana akinisimulia, eti alimpeleka sehemu ya smart casual akavaa kilemba kama anaenda kupokea mwenge. Maskini. Mzee, unaweza kumshonea na yeye mshipi wa kiunoni wa rangi hii hii? Tuwe sare, kama watu wa harusi."

Fundi Tarsis akazitema pini moja moja kwenye kiganja. Ilimchukua muda.

"Mshipi unakuwa mweusi," akasema. "Black tie haina sare ya bibi na bwana. Njoo Jumamosi magharibi. Pindo linakuwa la mwisho."

"Sitajaribu kwanza?"

"Nimeshakupima."

Akaenda zake, anawapungia watu. Bakili akachungulia. "Mwanamke yule! Amekuachia nini mbona umepauka?"

"Kazi," akasema Fundi Tarsis.

Kitambaa kile alikiangalia mpaka kikamchosha macho. Angeweza kumwita Josepha amwambie. Angeweza kumwita Elisaria, mkwe, kaa hapa. Angeweza kumwambia yule binti palepale alipokuwa anajitazama kiooni, kwa sababu naye alikuwa amedanganywa kama wengine. Hakufanya hata moja. Yeye alijua mkasi. Akachukua chaki, akachora, na hakuchora bega pana. Alichora bega la mtu aliyekuwa akilala chini ya meza ileile. Kipimo cha Josepha hakikuhitaji futi. Akakata. Na nguo ikishakatwa hairudishwi dukani. Josepha akaambiwa tu kwamba kitambaa kimefika, aje Jumamosi amshtukize mumewe yeye kwanza.

Alijisemea, Jumamosi atakuja kufungwa tai. Josepha atakuwa nyuma ya pazia amevaa. Gari liko nje. Atafanyaje? Atamkana mkewe mbele ya baba mkwe? Atamchukua, na watafika, na mwanangu atakaa kwenye meza ile amevaa kama wanavyotaka wao, hakuna wa kumuuliza kama ametoka harusini. Yule kijana akishaona amekaa vizuri pale, atarudi. Aibu ndo ilimtoa, na sifa zitamrudisha. Ndivyo alivyopiga hesabu, mzee wa watu.

Jumamosi jua likiwa linaelekea kuzama, Elisaria akaingia. Fundi Tarsis akamvika kipande kwa kipande. Suruali ya utepe. Shati la mikunjo. Mshipi mweusi, mikunjo juu. Koti likamkaa kama alizaliwa nalo. Mchana ndugu, jioni bwana. Bakili nje akapiga mluzi.

"Inua kidevu," akasema mzee. Akamzungushia tai shingoni, akavuta huku, akavuta kule. Vidole vyake viko kooni kwa mkwewe, anasikia mshipa unavyopiga.

"Josepha," akaita, hajageuka. "Mwenzio yuko tayari."

Pazia likafunguka.

Nawaambieni, hata wapita njia walisimama. Gauni la bluu limeshuka kutoka begani mpaka sakafuni bila mkunjo, linagusa simenti tu, halifagii. Nywele kichwani zimesukwa nyuma, hakuna kilemba, hakuna dhahabu ya kuazima, hereni ndogo za marehemu mama yake. Mkoba mdogo. Anatabasamu kama siku ya komunyo.

"Ulidhani sikijui kitambaa changu?" akamwambia mumewe. "Mwongo wewe! Eti wanaume tu."

Elisaria akarudi nyuma hatua moja. Kipepeo kikapanda kikashuka.

"Ulikuwa unatutania, mkwe," akasema Fundi Tarsis, anamtazama machoni. Akakaza fundo. "Basi nendeni. Watu hawacheleweshwi."

Kijana akatazama gari, akatazama mzee, akatazama kitambaa. "Ndio baba," akasema. "Nilikuwa nawatania."

Wakaenda. Majirani wakapiga vigelegele. Fundi Tarsis akaketi kwenye kiti cha cherehani, anacheka peke yake. Alikuwa bado anacheka Candida alipoingia, nywele zimetengenezwa saluni, kiatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Mzee, liko wapi?"

"Limevaliwa."

"Na nani?"

"Na mke wa Elisaria. Ni mwanangu. Hajarudi Mahenge, yuko Magomeni, na ndoa yake ilifungwa pale Msimbazi."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa na maneno yake tayari. Lakini binti yule hakupiga kelele, alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka viatu chini kimoja kimoja.

"Ulijua siku ile unanipima."

"Nilijua."

"Ukaninyamazia."

"Nilikuwa na pini mdomoni."

"Sasa hivi huna." Akafuta jicho kwa nyuma ya kiganja, rangi yote ikasambaa. "Ungeniambia, mzee, ningeondoka. Nina mama mimi pia. Usingeniona tena." Kisha akamtazama, na sauti ikabadilika. "Umempeleka hotelini?"

"Kwenye meza yake."

"Mzee. Watu wa meza ile wanamjua Bibi Elisaria. Walicheza naye, walipiga naye picha. Ni mimi."

Fundi Tarsis akasimama. Akatoka mpaka barabarani na futi ikining'inia shingoni. Barabara ilikuwa nyeupe, gari limeshapotea. Hata angekimbia, hotelini pale mlangoni kandambili haziruhusiwi, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote Kariakoo. Akarudi ndani. Candida alikuwa ameshaondoka, na hakudai hata senti ya kitambaa.

Jumapili watu wakitoka misa ya kwanza, Josepha akaja. Amevaa khanga, gauni amelikunja mkononi, vizuri, pindo kwa pindo, kama alivyofundishwa. Hakusema shikamoo.

"Walinisifu sana, baba," akasema. "Gauni walilisifu. Mama mmoja mzee akaniambia, hongera, wewe ndo mke mpya? Yule wa kwanza alikuwa mrefu. Elisaria akawa anakata nyama."

"Mwanangu..."

"Ngoja. Nikamuuliza Elisaria usiku, kitambaa kilifika hapa kwako na nani. Akanambia, ni yule mrefu." Akaliweka gauni mezani, pale pale lilipokatiwa. "Ulinifundisha yote. Gotini ni kokteli. Sakafuni ni black tie. Kilemba usivae, mkoba uwe mdogo, uma wa nje ndo wa kwanza. Hukunifundisha nijibu nini wakiniuliza mimi ni nani."

"Nilitaka ukae pale. Nilitaka wakuone."

"Wameniona."

Akainuka. Mzee akamuuliza anaenda wapi, chumba chake cha zamani kipo, kitanda kipo. Josepha akasema anaenda Magomeni, kuna foleni ya sabuni kesho, na kadi ya kaya iko kwa Elisaria.

Gauni lile Fundi Tarsis alilitundika ukutani, juu, ndani ya gazeti. Bakili akamshauri aliuze, mzee akamwambia akome. Wateja wengine wakawa wanakuja na kadi zao, anawaeleza, koti gani, kiatu gani, lakini kwa maneno machache, na kwa wake zao hashoni tena. Anasema macho yamechoka.

Mvua za vuli zilipoanza, Josepha akaja na koti jeusi mkononi, lile la kola ya hariri. Kifungo kimedondoka.

"Shikamoo baba. Anasema ukiweza kabla ya Ijumaa."

"Marahaba. Ijumaa kuna nini?"

"Karamu tena hotelini."

"Black tie?"

"Black tie."

Fundi Tarsis akaliweka koti mapajani, akatafuta kifungo kinachofanana kwenye kopo, akakosa, akachukua kinachokaribia akaanza kukivalisha hariri kidogo iliyobaki. Josepha akakaa chini, pale karibu na meza, anatazama mvua.

"Na wewe?" mzee akamuuliza. "Utaenda?"

"Mimi nalinda nyumba."

Mzee akataka kusema neno. Alikuwa na sindano kati ya midomo. Akaitoa, akaishika. Josepha akaichukua sindano mkononi mwake, akaitia uzi kwa sababu macho ya baba yalikuwa hayaoni tena tundu, akamrudishia.

"Kaza vizuri, baba," akasema. "Kisianguke tena mbele za watu."